Orodha ya Siku 60 Huchelewa

Chama cha wakulima chaweza kumtaka karani atoe kila mwezi orodha ya leseni, bima na mikataba itakayokwisha katika siku 60 zijazo. Desturi hii ni njema. Lakini twaona kuwa orodha nyingi zina kasoro moja: huhesabu siku ya hati kwisha, na kuiacha siku ya mwisho ya kutenda jambo.

Tutoe mfano wa bara. Tuseme chama cha wakulima wa mpunga kiko Ilemba, katika Bonde la Rukwa, nacho kimepanga ghala mjini Sumbawanga. Tarehe 1 Machi karani atoa orodha yake, inayofika 30 Aprili. Humo mna bima ya lori, itakayokwisha 20 Aprili, na leseni ya biashara, itakayokwisha 28 Aprili. Mkataba wa ghala haumo, kwani wakoma 31 Mei.

Sasa tuusome mkataba wenyewe. Wasema kuwa asiyetaka kuendelea atoe taarifa kwa barua siku 60 kabla. Akinyamaza, mkataba waendelea mwaka mwingine. Basi barua yatakiwa imfikie mwenye ghala si zaidi ya 1 Aprili. Na orodha itautaja mkataba huo kwa mara ya kwanza siku gani? Siku hiyo hiyo ya 1 Aprili! Masika yangalipo, na barua ina mlima wa kupanda kutoka bondeni hata Sumbawanga. Kama taarifa ingekuwa ya siku 90, mkataba ungekuwa umekwisha jifunga kabla orodha haijautaja.

Leseni nayo ina mlango wake wa kwanza. Kuipata upya hutakiwa hati ya TRA ya kuonyesha kuwa kodi haidaiwi. Kwa hiyo siku ya kutenda ni siku ya kwenda kwa watu wa kodi, wala si 28 Aprili. Ama bima, sheria ya mwaka 2009 yataka ada ilipwe ndipo kinga ianze. Ahadi ya kulipa kesho haimlindi dereva usiku wa leo.

Rai yetu ni hii. Orodha iongezwe safu mbili: siku ya mwisho ya kutenda, na jina la mtu atakayetenda. Ipangwe kwa kufuata safu ya kwanza kati ya hizo mbili. Kazi hii haifanyiki kwa kutazama tarehe ya juu ya karatasi. Lazima mtu akae asome kila mkataba, kifungu cha taarifa akiandike. Tena hati isifutwe orodhani kwa sababu maombi yamepelekwa, bali mpya ikiwa mkononi.

Wajumbe wanaotaka kujua hali ya chama chao na watafute mkataba uliojiendeleza mwaka jana bila mtu kutia sahihi. Wakiuona mmoja, wajue orodha yao yachelewa.