Acheni kuuza pawabenki kwa mAh peke yake, andikeni na Wh

Leo nakuja na kosa langu mwenyewe, maana naona kila siku kwenye posti za watu linarudiwa. Mimi nauza vitu vya umeme vidogo mtandaoni: pawabenki, taa, chaja, betri. Sijasomea umeme, nimeishia fomu foo, haya nimejifunza kwa kuungua.

Kuna dada mmoja mteja wangu, anauza mitumba kwa laivu usiku. Umeme ukikatika alikuwa anatumia betri ya sola imeandikwa 12V 18Ah. Inawasha ruta na taa ya kupigia video. Betri ikafa. Akaniuliza inboksi, "Mdogo wangu, pawabenki yako ya 20,000 mAh itaniweza?" Nikamjibu bila kufikiri: mAh elfu moja ni Ah moja, kwa hiyo hii ni Ah 20, ya kwako ilikuwa 18. Hii ni kubwa zaidi, dada. Akalipa.

Wiki hiyohiyo umeme ukakatika. Betri ya zamani ilipokuwa nzima ilimpa zaidi ya saa tano. Pawabenki yangu haikufika hata saa tatu, ikazima katikati ya laivu na watu wameshaweka oda. Akaniambia nimemwibia. Kusema kweli nilijitetea kwanza, nikasema ruta yake ndiyo mbovu. Baadaye nikakaa na kalamu, nikaona mwenye kosa ni mimi.

Kosa liko hapa. Ah ni kama kumwambia mteja "nina pakiti 20" bila kusema kila pakiti ina uzito gani. Uzito wa pakiti ni volti. Mimi nilikuwa na pakiti 20 ndogo, yeye alikuwa na pakiti 18 kubwa. Ndani ya pawabenki betri ni ya volti 3.7, hata kama kwenye tundu inatoa 5. Hizo mAh za kwenye boksi zimehesabiwa kwa hiyo 3.7. Ya kwake ilikuwa volti 12. Ukizidisha unapata mzigo wenyewe, yaani wati-saa, Wh:

```
Ah × V = Wh
20 × 3.7 = 74
18 × 12 = 216
```

Umeona? Nilimuuzia 74 nikamwambia ni kubwa kuliko 216.

Sasa hata hizo 74 hazitoki zote. Kupandisha volti 3.7 kwenda 5 kunakula kidogo, kwa hiyo unabaki na kama 60 za kutumia. Na betri yake ya zamani, zile nzito za risasi, ukiimaliza yote kila mara inakufa mapema, kwa hiyo unahesabu nusu tu, yaani 108. Ruta yake inakula kama wati 10, taa wati 10, jumla 20. Gawanya: 108 kwa 20 ni saa tano na kitu. 60 kwa 20 ni saa tatu, na ruta yake inataka volti 12, waya wa kupandisha tena unakula chake. Ndiyo maana saa tatu hazikutimia. Hesabu ilikuwa pale pale kabla sijapokea hela yake.

Nilimrudishia hela, nikaenda kwake kumwelekeza betri ya kununua. Huko nikakuta ugomvi mwingine. Mama yake ameficha pasi. Anasema imeandikwa 1000W na uniti moja ya LUKU ni wati elfu moja, kwa hiyo kila ukiichomeka imekula uniti.

Mama hakuwa mbali, amechanganya kitu kimoja tu. Wati ni kasi ya maji yanavyotoka bombani. Wati-saa ni maji yaliyoingia kwenye ndoo. Bomba kubwa ukilifungua dakika moja hujazi ndoo. Uniti ya LUKU ni kilowati-saa moja, kWh, yaani wati-saa 1,000. Ni ndoo, si bomba. Kwa hiyo pasi ya wati 1,000 lazima ikae saa nzima inawaka ndipo imalize uniti moja. Wao wanapiga pasi nusu saa asubuhi, ni nusu uniti, na inapungua zaidi kwa sababu pasi ikishapata moto inajizima na kuwaka yenyewe.

Nikamwambia, "Mama, tuangalie friji." Friji imeandikwa 100W, mtu anaona ni ndogo, mara kumi chini ya pasi. Lakini haichomolewi. Mota yake inawaka na kupumzika, tukisema kwa siku inawaka jumla ya saa 10, hiyo ni wati-saa 1,000. Uniti nzima kila siku, mara mbili ya pasi. Kama huamini, fanya kama tulivyofanya: usiku zima vingine vyote, acha friji tu, soma uniti zilizobaki kwenye mita, kisha soma tena asubuhi kabla hujawasha kitu. Ikiwa imekula nyingi sana, angalia mpira wa mlango kama unafunga vizuri. Pasi ikarudi mezani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kwenye posti ya kitu chochote chenye betri, andika Wh. Najua mtasema wateja wanatafuta kwa mAh, na jirani yako ameandika 50,000. Sawa, mAh iache, lakini weka Wh pembeni. Mteja anayejua wati za kitu chake atagawanya mwenyewe, na hatakuja kukutukana usiku.

Tena itakusaidia wewe ukiwa unanunua mzigo. Pawabenki nyingi za kweli zina Wh kwenye maandishi madogo ya nyuma. Kama hazipo, tumia mzani. Kilo moja ya betri za lithiamu za aina hii inabeba kama wati-saa 200 hadi 250. Sasa 50,000 mAh ni Ah 50, zidisha kwa 3.7 unapata Wh 185. Betri peke yake zinatakiwa kuwa na gramu mia saba na zaidi. Wakikuletea ya gramu 200 imeandikwa 50,000, boss, hiyo ni namba ya boksi tu, usiichukue.

Posti yangu siku hizi inasomeka hivi: "Pawabenki 20,000 mAh, 74 Wh. Ruta ya wati 10 inayotumia volti 5 inakaa kama saa 6. Haiwashi TV kubwa wala friji." Ule mstari wa mwisho umenikosesha wateja wachache. Lakini tangu niuweke sijarudisha hela ya mtu kwa sababu ya chaji kuisha mapema, na yule dada wa mitumba amenunua tena kwangu, safari hii betri ya 12V.

Fungua posti yako ya mwisho ya pawabenki sasa hivi. Wh ipo? Kama haipo, zidisha, uiandike leo.