Tuseme kwa Kadiri ya Tulichokiona: Lugha ya Sura ya Majadiliano



Katika tasnifu zinazoandikwa kwa Kiingereza na watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili, sura ya majadiliano ndiyo hurudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na wino mwekundu mwingi. Pembeni huandikwa maoni ya aina mbili: dai hili ni zito mno, na nyakati za vitenzi zinachanganyika. Mwanafunzi huyachukua yote mawili kama makosa ya sarufi, huyarekebisha hapa na pale, kisha huendelea na safari. Sisi tunaona kwamba maoni hayo mawili ni swali moja: unamzungumzia nani, na ushahidi wako unafika wapi?

Swali hilo linawahusu pia waamini wa parokiani, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaojaza madodoso yetu. Sentensi tunayoiandika juu yao inaweza kufika mezani pa paroko au kwenye Halmashauri ya Walei ikasomwa kama hukumu. Tukiandika kwamba vijana hawahudhurii jumuiya kwa sababu wazazi hawawahimizi, tumewashtaki wazazi. Je, tuliwauliza?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anawapa dodoso vijana 60 baada ya Misa ya pili, Dominika moja. Vijana 42 wanajibu kwamba mwezi huo hawakuhudhuria Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo. Kati ya hao 42, vijana 27 wanataja kazi ya Jumamosi asubuhi, siku ambayo jumuiya hukutana. Katika majadiliano mtafiti anaandika hivi:

```
The study proves that youths do not attend because of work.
They were busy on Saturday and they don't have time.
This can be because parents did not encourage them.
```

Maana yake ni kwamba utafiti umethibitisha kuwa vijana hawahudhurii kwa sababu ya kazi, kwamba walikuwa na shughuli Jumamosi na hawana muda, na kwamba hali hii inaweza kuwa imetokana na wazazi kutowahimiza. Msomaji ataelewa, lakini kila sentensi inasema zaidi ya kile dodoso lilichopata.

Tuanze na neno "proves". Kwa Kiswahili tunasema kwa wepesi kwamba utafiti umethibitisha jambo, na msikilizaji hashtuki. Katika Kiingereza cha kitaaluma neno hilo ni zito sana. Ni la hisabati na mantiki, mahali ambapo hitimisho halina njia ya kukwepa. Sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba kutoka kwa baadhi kwenda kwa wote hakuna daraja la lazima. Vijana 60 waliokuja Misa ya pili si vijana wote wa parokia, na vijana wasiokuja kanisani kabisa hawakupata hata nafasi ya kujibu.

Badala ya neno moja zito, Kiingereza kina ngazi. Kwa jambo lililo wazi kwenye jedwali, yaani hesabu yenyewe, "shows" inatosha. Kwa maelezo ambayo hesabu hiyo inayaelekea bila kuyakamilisha, tunaandika "suggests". Kwa maelezo ambayo hatukuyapima lakini yana busara, tunashuka hadi "may" au "might". Mwandishi mzuri hapandi wala hashuki ngazi hiyo kwa hofu au kwa ujasiri, bali kwa kuangalia alichonacho mkononi.

Hapa Kiswahili chetu kinatuwekea mitego miwili. Wa kwanza ni wa mahali pa tahadhari. Sisi huiweka mwanzoni mwa sentensi: huenda, labda, pengine, yawezekana. Kwa hiyo tunapoandika Kiingereza tunaanza sentensi nyingi kwa "maybe", neno ambalo msomaji wa tasnifu hulisikia kama la mazungumzo ya kijiweni. Kiingereza cha kitaaluma huiingiza tahadhari ndani ya kitenzi chenyewe, kama katika "work may keep some youths away", yaani huenda kazi inawazuia baadhi ya vijana.

Mtego wa pili ni neno "inaweza". Kwa Kiswahili linabeba mambo mawili, uwezo na uwezekano. Kiingereza huyatenganisha. "Can" husema kwamba jambo lina uwezo wa kutokea kwa jumla, na "may" husema kwamba huenda ndivyo ilivyo katika suala lililo mbele yetu. Tunapoeleza sababu ya matokeo yetu, karibu kila mara tunataka "may". Na kama sababu hiyo ilikwisha kupita, tunaongeza "have": "the rains may have reduced attendance", huenda mvua ilipunguza mahudhurio. Kiswahili huuweka wakati uliopita kwenye kitenzi kwa -li-. Kiingereza huuweka kwenye "have". Bila neno hilo, msomaji atadhani tunazungumzia mvua za siku zote.

Tukifika hapo tumeshaingia kwenye nyakati. Wanafunzi huambiwa watumie wakati mmoja kwa uthabiti, na wengine huelewa kwamba sura nzima iwe katika wakati uliopita. Sivyo. Uthabiti maana yake ni kwamba kila kazi inabaki na wakati wake kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tulichofanya na tulichokipata siku ile huandikwa katika wakati uliopita: "27 youths named work". Tunachohitimisha leo kutokana na matokeo hayo huandikwa katika wakati uliopo, pamoja na tahadhari yake: "this suggests". Nyakati mbili zinaweza kukaa katika aya moja bila ugomvi, mradi kila moja iko kazini kwake.

Kuchanganyika kwenyewe kunatoka wapi? Kwa sehemu tunaona kunatoka kwenye -ka- yetu. Kwa Kiswahili tukishasema "walifika", tunaendelea "wakaketi, wakajaza dodoso, wakaondoka". Wakati uliopita umetajwa mara moja tu, na vitenzi vinavyofuata vinaufuata kama watoto nyuma ya mama. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi kinadai alama yake, na mwandishi aliyezoea kuitaja mara moja huanza na "were" na sentensi ileile akaimalizia na "don't".

Kuna jambo moja la nyakati ambalo ni kubwa kuliko sarufi. Linganisha hizi mbili:

```
We found that youths who worked on Saturday missed the meetings.
We found that Saturday work keeps youths from the meetings.
```

Zote zinaanza na "found", na zote ni Kiingereza sahihi. Lakini kitenzi cha mwisho kinabadilisha kila kitu. "Missed" kinabaki na vijana wale 60 na mwezi ule. "Keeps" kinafanya kazi ya hu- yetu: kazi ya Jumamosi huwazuia vijana, popote na siku zote. Mwandishi anaweza kudhani amechagua wakati tu, kumbe ametangaza sheria ya jumla. Ndiyo maana tunasema kwamba tahadhari na nyakati ni swali moja. Wakati uliopo bila tahadhari ni dai la ulimwengu mzima.

Sasa turudi kwa mtafiti wetu. Kwa ushahidi uleule angeweza kuandika hivi:

```
Of the 60 youths surveyed, 42 reported missing the meetings
that month, and 27 of these named Saturday work as the reason.
This suggests that the meeting day is one obstacle for youths
who come to Mass. Lack of encouragement at home may also
play a part, but we did not ask about it.
```

Sentensi ya kwanza iko katika wakati uliopita na haina tahadhari yoyote, kwa kuwa hesabu ni hesabu. Kuandika kwamba inaonekana vijana walikuwa 42 ni kichekesho. Hata hivyo neno "reported" linakumbusha kwamba haya ni waliyoyasema wao wenyewe, wala hakuna aliyesimama mlangoni kuwahesabu. Sentensi ya pili inahamia wakati uliopo kwa "suggests", inasema kikwazo kimoja badala ya sababu yote, na inataja ni vijana gani. Ya tatu inashuka hadi "may", kisha inarudi kwenye wakati uliopita kukiri kisichoulizwa. Wazazi hawakushtakiwa, na halmashauri ikiisoma itajua kwamba jambo la siku ya mkutano lina msingi na jambo la wazazi bado halijachunguzwa.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba lugha hii ni ya woga, na kwamba mtu mkweli anasema ndiyo au siyo. Tunawaelewa, kwa sababu tahadhari inaweza kweli kuwa maficho. Sentensi yenye "may", "possibly" na "perhaps" kwa pamoja haisemi kitu, na mwandishi wake hawezi kukosolewa kamwe. Kwa hiyo dai moja lipewe tahadhari moja. Lakini tahadhari iliyopimwa haipunguzi nguvu ya hoja. Mwaka 1953, Watson na Crick walipochapisha katika jarida la Nature muundo wa DNA, walianza kwa kusema kwamba wanataka kupendekeza muundo. Hawakudai kuwa wameuthibitisha. Na Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba mtu aliyeelimika hudai uhakika kwa kadiri ambayo jambo lenyewe linaruhusu. Anayesema "huenda" mahali palipo na huenda amesema ukweli mzima.

Kabla ya kuikabidhi sura hii kwa msimamizi, tunapendekeza kazi ya jioni moja. Katika kompyuta, bonyeza Ctrl+F na utafute "prove", "all", "always", "can" na "maybe". Kila unapokuta mojawapo, uliza kama ushahidi wako unaibeba. Kisha chapisha sura hiyo na uzungushie duara kila kitenzi. Pembeni yake andika T kama ni tulichokifanya au tulichokipata, na H kama ni hitimisho. Penye T, kitenzi kiwe cha wakati uliopita. Penye H, kiwe cha wakati uliopo, na uonyeshe kwa kidole neno la tahadhari linalokibeba. Ukikuta H isiyo na neno hilo, usikimbilie kuongeza "may". Rudi kwanza kwenye jedwali lako uone kama hitimisho hilo lilistahili kuandikwa.