Unite zinavuka Ruzizi, wewe uko ku nyumba

Hapa Bukavu, mutu akiona unite zimekwisha na hakuita mutu, neno la kwanza ni hili: "Banakula unite zetu!" Watu hawasemi vile bure. Kuanzia 2020 mpaka mwanzo wa 2022 tulikatwa feza ya RAM, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti, na feza ile ilitoka mule mule ndani ya unite zenye mutu alijinunulia. RAM ilifutwa, lakini malalamiko hayakuisha. Leo ninataka kusema wazi ni nani anakula, na kwa nini ninaona ni lazima sheria ya inchi imufunge kinywa.

Wachimbaji wanajua hasara hii kuliko wengine. Baba iko Kamituga, Shabunda ao Misisi, mama na watoto wako Bukavu. Simu njo inashika nyumba pamoja. Mwanaume anapopata kidogo ku shimo, anatuma unite ili bibi aweze kumuita na mutoto aandike ku WhatsApp. Unite zile zikiyeyuka, kwanza kunaanza fitina: "Ulikuwa unaita nani?" Na kumbe bibi hakuita mutu.

Njia ya kwanza yenye unite zinapitia ni mupaka. Ruzizi si mutoni mupana. Ukiwa Nguba, Muhumba ao karibu na Ruzizi ya Kwanza, antene za ngambo ya Rwanda ziko mbele ya macho yako. Mawimbi ya simu hayaombwe jeto ku mupaka. Simu yako inatafuta kwanza mutandao wa kwenu. Lakini moto ukikatika na antene ya kwenu ikizimika, ao ukiwa nyuma ya kilima kwenye mawimbi ya kwenu hayafiki muzuri, simu inashika mutandao wowote wenye unaikubali. Kama njo wa Rwanda, unakuwa "musafiri" na uko umekaa ku kitanda chako. Hiyo njo romingi. Ku Kamanyola na ku Uvira ni vilevile, mawimbi ya majirani yanaingia.

Ubaya ni kwamba simu ikisha kushika mutandao wa ngambo, inaweza kubakia kule hata kama antene ya kwenu imerudia. Haina haraka ya kurudi kama mawimbi ya kule yangali na nguvu. Mutu anaweza kulala na kuamka iko Rwanda bila kujua. Na saa ya simu haimwonyeshi kitu, juu saa ya Bukavu na ya Kigali ni moja. Alama za kweli ni tatu: herufi R karibu na vidole vya mutandao, jina la kampuni yenye huijue ku kioo, na ile SMS ya "karibu mu Rwanda" na wewe hukuvuka mutoni. Ukiona moja ya hizo, weka simu mu hali ya ndege kwa dakika moja, kiisha itoe. Itatafuta upya, na kama mutandao wa kwenu uko, itaushika.

Mu romingi bei ya intaneti inapanda sana, na mara nyingi hata kupokea mwito unalipa weye mwenye kupokea. Watu wengi hawajui jambo hili la mwisho. Mwanaume anaita toka Kamituga, anafikiri njo yeye peke yake analipa, kumbe ku Nguba unite za bibi zinateremuka pia.

Njia ya pili haina mupaka. Inaitwa kupita forfe. Unanunua forfe ya mega, inaisha saa nane ya usiku, na simu haiache. Kama unite za kawaida ziko ndani, intaneti inaendelea kwa bei ya bila forfe, yenye iko juu kupita ile ya forfe. Hakuna mutu anashika simu saa ile. Ni WhatsApp inatuma kopi ya picha zote, ni aplikasyo zinajifanya upya, ni video ya Facebook ilibakia wazi.

Tukamate mufano, na bei nitaweka ya kufanyia hesabu tu. Mama mumoja iko na dola 10 ya unite na forfe ya mega 500. Tuseme bila forfe mega moja ni santimu 5 ya dola. Mangaribi mutoto anaangalia video. Video ya dakika tatu inaweza kula mega 25 hivi. Video ishirini, forfe imekwisha. Video ya makumi mbili na moja inakula mega 25 mara santimu 5, ni dola moja na robo. Akiongeza saba zingine, dola 10 yote imekwenda. Dola ile ingelipa chakula cha siku kadhaa. Hakuna mwizi aliingia, mutoto aliangalia video nane tu zaidi.

Sasa, nini mutu anaweza kufanya mwenyewe? Ya kwanza ni kufunga romingi ya intaneti. Fungua "Paramètres", ingia ku "Réseaux mobiles", tafuta "Itinérance" ao "Itinérance des données", kiisha zima. Kama simu iko na kadi SIM mbili, fanya hivyo kwa kila moja, juu kuzima ya moja hakuzimi ya pili. Lakini ujue mupaka wa dawa hii: inazuia intaneti, haizuii mwito na SMS. Kwa hizo, mule mule ku "Réseaux mobiles", ondoa kuchagua mutandao yenyewe na uchague kampuni yako kwa mukono. Na hapa pia kuna bei: antene ya kwenu ikizimika, simu itabakia bila mutandao mpaka irudie. Na ukisafiri kweli, rudisha kama ilivyokuwa.

Ya pili ni kengele na kifuniko. Ku simu za Android, ku sehemu ya "Utilisation des données", unaweza kuweka onyo, na pia kiwango chenye simu inakata intaneti yenyewe. Kama forfe ni mega 500, weka onyo ku 400 na kukata ku 480. Usiweke 500 kamili, juu simu na kampuni hawahesabu sawa sawa, na hesabu yenye inalipwa ni ya kampuni. Angalia pia siku yenye simu inaanzia kuhesabu: kama forfe yako ni ya juma na simu inahesabu mwezi, kengele italia mahali pasipo pake.

Ya tatu ninaiona kuwa ya nguvu kuliko zote, na haiombe simu ya bei. Usiweke feza nyingi mu unite. Iache mu M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na ununue forfe toka kule moja kwa moja. Forfe ikiisha na unite za kawaida ni karibu sifuri, intaneti haina kitu cha kula, inasimama. Zero yako njo kifuniko chako. Baba wa Kamituga, badala ya kutuma dola 10 ya unite, atume dola 10 ya feza ku simu, na bibi atanunua kidogo kidogo.

Wenye wanalipa ku mwisho wa mwezi, kama vile watu wa kontuari na wa makampuni, hatari yao ni ingine. Hawana zero yenye inawasimamisha. Na hesabu ya romingi inaweza kuchelewa kutoka mutandao wa ngambo mpaka kwa kampuni yao, kwa hiyo SMS ya onyo inaweza kufika kiisha mali kuharibika. Hao waende ku ajansi wakaombe kiwango cha mwisho kiandikwe mu mukataba, na romingi ifungwe mpaka siku yenye wataiomba.

Haya yote mutu anaweza kufanya. Lakini ninakataa kusema kazi yote ni ya mama wa Nguba. Mu Afrika ya Kusini, kwenye kundi la Vodacom lilitokea, sheria ya mwaka 2019 inalazimisha makampuni kumujulisha mutu forfe ikifika nusu, ikifika asilimia 80 na ikiisha. Na kampuni haina ruhusa ya kuendelea kumukata kwa bei ya bila forfe kama yeye hakukubali. Ku Ulaya, tangu 2010, intaneti ya romingi inakatwa ikifika euro 50 kwa mwezi kama mutu hakuchagua kiwango kingine, na onyo linatumwa ku asilimia 80. Kwa hiyo mashini za kuonya na za kukata ziko, hakuna wa kutuambia haiwezekane.

Makampuni watajibu kwamba kumukatia mutu intaneti ni kumuumiza, pengine iko na mugonjwa ao shimo limeanguka ku chimbo na anatafuta habari. Ni jibu lenye uzito. Lakini mutu mwenye mugonjwa atajibu "ndiyo" haraka akiulizwa. Shida ni kwamba haulizwe. Kunyamaza kwa mutu mwenye amelala si kukubali.

Ninaomba ARPTC, yenye kusimamia simu mu inchi hii, iandike mambo matatu tu. Forfe ikiisha, intaneti isimame mpaka mutu aseme ndiyo. Onyo litumwe mbele ya kuisha, na mu Kiswahili kwa watu wa huku, si mu Kifaransa peke yake. Na kwa miji ya mupaka kama Bukavu, Goma na Uvira, romingi ya intaneti izaliwe imefungwa, mwenye kuihitaji aifungue mwenyewe. Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kenya, Uganda na Rwanda walikuwa wamekwisha kupatana juu ya bei ya mwito kati yao tangu 2014 na 2015. Wakubwa wetu wanaweza kuomba tuingie mu mapatano kama hayo. Lakini bei ikishuka bila ndiyo ya mutu, tutaendelea kulipia safari zenye hatukufanya, tofauti itakuwa zitalipwa kwa bei ya chini.

Mpaka siku ile, leo mangaribi angalia ku kioo cha simu yako. Kama kuna R na uko ku nyumba, unajua tayari unite zinaenda wapi.