Faida ya pichani haijazi mfuko

Vijana wetu wanaendelea kuuziwa kozi za forex kwa picha ya skrini: faida ya dola 4,000 kwa asubuhi moja. Picha hiyo haithibitishi kitu. Programu ya MetaTrader humruhusu yeyote kufungua akaunti ya majaribio yenye dola 100,000 za bandia bila kutoa hata senti. Akifungua mbili, kwenye moja akanunua na kwenye nyingine akauza, bei ikisogea vya kutosha moja hupata faida. Hiyo ndiyo anayoipiga picha.

Mwanafunzi akishalipa, huelekezwa kwa dalali kupitia kiungo cha mwalimu. Madalali wengi humlipa mwalimu kamisheni kwa kila muamala wa mwanafunzi, hata wa hasara.

Kipimo kipo. MetaTrader ina nywila ya mwekezaji, inayomwezesha mtu kuona historia ya akaunti bila kuigusa. Mwalimu aitoe, na akaunti iwe halisi, ya miezi kadhaa. Akikataa, usilipe.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndiyo inayowapa leseni madalali wa forex mtandaoni. Iwawajibishe wanaowalipa walimu wa aina hii.