Dhahabu ya Mega Ngapi?
Duka moja la intaneti mjini Baraka limebandika ubao wa vifurushi vitatu: Fedha, Dhahabu na Almasi, na chini ya kila jina, "uhuru zaidi". Kule Misisi, katika eneo hilihili la Fizi, dhahabu hupimwa kwenye mizani kwanza, bei hufuata. Hapa jina halina uzito wowote. Mteja hununua cha franka chache kabisa kwa kuwa bei ndiyo pekee anayoielewa. Ningeyafuta majina hayo niandike "Siku 1", "Wiki 1", "Mwezi 1", kisha idadi ya mega na kazi zake: saa moja ya maongezi ya WhatsApp hula makumi ya mega, ya video hula mamia. Muda wa kuisha uandikwe kwa herufi kubwa kama za bei, maana mega zinazokufa usiku wa manane ndizo huleta ugomvi asubuhi. Halafu usimuulize mtu kama ubao unapendeza. Muulize mgeni angechukua kipi, na kwa nini. Akitaja bei peke yake, maelezo hayajamfikia.