Walio Wengi, Kura na Mfuko wa Pamoja

Mara nyingi mmetuuliza: ikiwa walio na kidogo ni wengi kuliko walio na vingi, mbona hawatumii kura zao kudai mgawo ulio bora? Tuifanye hesabu pamoja.

Tuchukue jamaa tano zenye mapato ya mwezi ya faranga 100,000, 200,000, 300,000, 400,000 na 2,000,000. Jumla ni 3,000,000, na wastani ni 600,000. Lakini jamaa ya katikati inapata 300,000 tu, nusu ya wastani. Sasa kila jamaa itoe kodi ya sehemu 20 kwa mia. Mfuko utakuwa na 600,000, na kila mmoja atarudishiwa 120,000. Wa katikati atatoa 60,000 na kupokea mara mbili yake. Jamaa nne kati ya tano zitafaidika. Ndivyo walivyofikiri wataalamu Allan Meltzer na Scott Richard mwaka 1981: pengo kati ya wastani na mtu wa katikati likipanuka, kura za kudai mgawo nazo zitaongezeka.

Hata hivyo, mara nyingi haiwi hivyo. Sababu ya kwanza ni kwamba mtu hupiga kura kwa mahali anapodhani yupo, wala si mahali alipo kweli. Kila mmoja hujipima na majirani zake, nao wanafanana naye. Basi maskini hujiona wa katikati. Uchunguzi uliofanyika Buenos Aires, nchini Ajentina, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwaonyesha watu nafasi yao halisi. Wale waliokuwa wamejidhania kuwa juu kuliko walivyo walianza kutaka maskini wasaidiwe zaidi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kukosa imani na anayeushika mfuko. Turudi kwenye jamaa zetu tano. Nusu ya kodi ikipotea njiani, zitabaki 300,000, na kila mmoja atapokea 60,000. Wa katikati atapokea kile kile alichotoa. Wa nne, aliyetoa 80,000, atapata hasara. Wanaofaidika wamekuwa wawili tu kati ya watano, nao hawashindi uchaguzi. Wa katikati akishuku kwamba kinachopotea kinapita nusu, atakataa. Wala tusimwite mjinga, maana hesabu yake ni sahihi.

Kwa hiyo, sisi tunaona kwamba kuwaambia watu jinsi utajiri ulivyogawanyika vibaya hakutoshi. Kunaiponya sababu ya kwanza tu. Anayetaka maskini wapate sehemu yao aanze na daftari la mfuko: kilichoingia, kilichotoka, na aliyekipokea, visomwe mbele ya wote. Hapo ndipo jamaa ya katikati itakapokuwa na sababu ya kusema ndiyo.