ZAWADI HII NI DENI

Ukipita jioni karibu na shule nyingi za sekondari katika miji yetu, hukosi kuona gari limeegeshwa pembeni, na ndani yake mtu wa makamo akimngoja msichana aliyevaa sare. Mwenye genge anaona, kondakta anaona, na mwalimu anayerudi nyumbani anaona pia. Lakini maneno yanayowatoka humwangukia msichana peke yake: ana tamaa, anapenda vya bure, hakufunzwa na mamaye. Yule bwana mwenye gari huamkiwa shikamoo, naye huitikia marahaba bila haya.

Sisi hatuikubali hukumu hiyo. Wala si jambo geni kwetu kulaumu upande mmoja. Operesheni Vijana ilipotangazwa mwaka 1968, vijana wa chama walitumwa kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam. Nguo za wasichana zilikaguliwa barabarani. Fedha za mabwana waliowazungukia wasichana hao hazikukaguliwa na mtu. Ilipita miaka arobaini ndipo matangazo ya redio yalipoanza kumtaja mwanamume. Mwaka 2008 taifa zima lilijifunza kumwita fataki, na jina hilo likakaa midomoni mwa watu mpaka leo. Matangazo yale yalikuwa na hekima moja: kila fataki alipomnyemelea binti, alitokea mtu wa karibu akaingilia kati. Basi swali letu ni hili: je, anayeingilia anaingilia nini, ikiwa binti mwenyewe anasema kwamba amekubali?

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu mmoja, bali ni mambo ambayo kila mwalimu wa shule ya kata ameyaona. Msichana wa miaka 16 yuko kidato cha tatu. Kwao ni mbali, hivyo wazazi wamempangia chumba karibu na shule kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Unga na maharage hutoka nyumbani. Fedha hutoka baada ya mavuno tu. Bwana mmoja wa miaka 45, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anampa lifti siku ya mvua. Juma linalofuata anamnunulia chipsi na soda. Baadaye analeta simu, "ili tupate kujuliana hali," na kila siku chache anaitia vocha. Mwezi wa tatu mwenye nyumba anadai kodi, na bwana yule analipa miezi sita mara moja, shilingi 120,000. Hajadai kitu. Kila akishukuriwa husema, "Wewe ni kama mwanangu."

Mwezi wa nne ndipo anapodai. Hebu tumtazame binti wakati huo. Akikataa, atarudishaje shilingi 120,000 ambazo hajapata kuzishika mkononi? Simu ni ya bwana, chumba amekilipia bwana, na mlango wake bwana anaujua. Kwa mama hawezi kusema, maana tangu siku ya lifti ameficha, na sasa anaogopa kuulizwa kwa nini alificha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na bwana huyu ameufuata usemi huo kwa hesabu. Kila zawadi iliongeza bei ya kusema hapana, mpaka bei ikapita uwezo wa binti. Anaponyamaza, bwana huuita ukimya ule ridhaa. Na hata baadaye, akitaka watumie kondomu, anaambiwa haaminiki, na vocha hukatika.

Ridhaa ya kweli ina kipimo chake: je, mtu aweza kukataa na kesho yake akaendelea kulala alipolala, kula alichokula, na kusoma aliposoma? Kama hawezi, alichotoa ni malipo ya deni ambalo hakuambiwa kwamba anakopeshwa. Mzazi naye ana njia ya kutambua. Zawadi ya mjomba au shangazi hupita mlango wa mbele, na mama huambiwa. Zawadi inayoambatana na maneno "usimwambie mtu" ni mkopo, na riba yake ni mwili wa mtoto.

Kwa aliye chini ya miaka 18, sheria ya Tanzania haingoji kipimo hicho. Tangu mwaka 1998, kumwingilia msichana wa umri huo ni kubaka, akubali asikubali, ingawa sheria hiyo ilimwacha nje mume ambaye mkewe ametimiza miaka 15. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikaongezewa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Sheria, basi, ipo. Inapovunjika ni nyumbani, pale bwana anapokuja usiku na zawadi ya pili, safari hii kwa baba. Wazee hukaa, fedha hupokewa, na siku ya kesi shahidi haonekani. Baba aliyepokea amemuuza mwanawe mara mbili.

Wapo watakaotuuliza juu ya wanawake watu wazima. Hao hatuwafanyi watoto. Mwanamke wa miaka 25 anayeamua mwenyewe nani awe mwenzake, na akapokea kanga au kodi ya nyumba, hana hesabu ya kututolea. Lakini kipimo ni kile kile. Akubalipo leo hajakubali kesho, na aliyepokea simu hakuuza haki ya kukataa. Na ikiwa mtoaji ndiye msimamizi wake kazini, mwenye kuandika orodha ya vibarua wa kesho, basi hiyo ni rushwa ya ngono, na sheria ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa inaitambua kuwa kosa.

Nini kinachosaidia? Magharibi ya Kenya, mwaka 2004, katika shule za msingi 71 wanafunzi walielezwa kwa dakika 40 tu jambo ambalo mafunzo ya kawaida hayakulitaja: kwamba wanaume wa makamo wameambukizwa virusi vya ukimwi kwa wingi kupita vijana wa kiume. Mimba za wasichana zikapungua kwa 28 katika kila 100, na zilizopungua zaidi ni zile za wanaume wakubwa. Katika eneo hilo hilo, wasichana waliopewa sare za shule bure walibaki shuleni zaidi na kupata mimba kidogo zaidi. Hawakuhubiriwa tabia. Kundi moja lilipewa ukweli, na jingine likapewa nguo ambayo pengine ingetoka kwa bwana. Ni kweli kwamba baadhi ya waliopewa ukweli walihamia kwa vijana wa rika lao, lakini kijana wa rika lao hana duka, wala hana kodi ya miezi sita ya kuwafungia nayo.

Ndugu zetu wanachama na wafanyakazi, bwana huyu hatoki mbali. Yumo katika matawi yetu, katika ofisi zetu na katika vyama vyetu vya wafanyakazi, na mara nyingine ndiye anayechangia sherehe zetu. Shule ya kata ikijengewa bweni, shilingi 20,000 za chumba hazitahitajika, naye atapoteza ufunguo wake. Mpaka bweni hilo lisimame, tawi lenye kuwajua wasichana waliopanga vyumba mtaani lichangie kodi zao mbele ya wazazi na mwalimu. Na tutakapomwona mwenzetu ameegesha gari kwenye lango la shule, tumwendee yeye, tumwulize kwa jina lake anamngoja nani.